Kwa Nini Njaa Hukimbia Baada ya Mazoezi Makali, Kisha Hurudi kwa Kishindo

Mwekee sahani ya pilau mtu aliyemaliza kukimbia mbio kali sasa hivi, uone atakachofanya. Ataiangalia, ataomba maji, kisha atakwambia umfunikie atakula baadaye. Haumwi, na mpishi hakukosea viungo. Mwili wake umeunguza mamia ya kilokalori, na kwa hesabu ya kawaida yeye ndiye aliyepaswa kuwa na njaa kuliko wote waliomo nyumbani. Lakini harufu ya nyama haimsisimui, na tonge la kwanza linamshinda kumeza. Subiri saa mbili zipite. Mtu huyohuyo anafunua ile sahani, anaimaliza, anaulizia mkate, na akipita dukani jioni anarudi na mfuko wa mandazi.

Wachezaji wa mpira, wakimbiaji na wanaonyanyua vyuma wanaijua hali hii vizuri, ingawa wengi hudhani ni uchovu tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, waliipima mwaka 1994 wakaona kwamba mazoezi makali huzima njaa kwa muda mfupi na kuchelewesha saa ya kuanza kula. Tangu hapo sehemu kubwa ya sababu zake imejulikana, na inaanzia tumboni.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: katika saa moja au mbili baada ya mazoezi makali, njaa haipimi mahitaji ya mwili. Imenyamazishwa. Anayesubiri imwite ndipo ale, na anayeichukulia kama ruhusa ya kuacha mlo, wote wawili wanasoma kipimo ambacho kwa wakati huo hakifanyi kazi.

Homoni inayobisha hodi

Mwaka 1999 watafiti wawili wa Kijapani, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa, walitangaza kwamba wamegundua homoni inayotengenezwa na ukuta wa tumbo. Wakaiita ghrelini. Homoni hii hupanda katika damu kabla ya mlo na hushuka baada ya kula. Mtu akidungwa ghrelini, husikia njaa na hula zaidi. Miongoni mwa homoni nyingi zinazohusika na ulaji, ghrelini ndiyo mashuhuri kwa kuchochea njaa. Nyingi ya nyingine zinazotoka utumboni kazi yake ni kuituliza.

Kuna jambo dogo kuhusu ghrelini ambalo bila kulijua matokeo ya mazoezi hayaeleweki. Homoni hii husafiri katika damu kwa sura mbili. Sura ya kwanza haiamshi njaa. Sura ya pili imeunganishwa na kipande cha asidi ya mafuta, na hiyo ndiyo inayoweza kufungua mlango wa ubongo na kuamsha hamu ya kula. Tuiite ghrelini hai. Watafiti wa mwanzo waliopima ghrelini yote kwa jumla baada ya mazoezi mara nyingi waliambulia majibu yasiyoeleweka. Walipoanza kupima ghrelini hai peke yake, picha ikafunguka.

Jaribio moja lililosaidia sana kuifungua lilifanyika Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2007. Wanaume tisa wenye afya njema walifika maabara bila kula. Siku moja walikimbia kwenye mashine kwa dakika 60, kwa kasi inayotumia kama asilimia 72 ya uwezo wao wa juu kabisa wa kuvuta oksijeni, kisha wakapumzika kwa saa nane. Siku nyingine walikaa tu muda wote. Siku zote mbili walipewa chakula saa ya tatu na saa ya sita, damu ikachukuliwa mara kwa mara, nao wakawa wanaandika ukubwa wa njaa yao.

Siku ya kukimbia, ghrelini hai ilishuka na njaa ikashuka pamoja nayo, na katika saa tatu za mwanzo vyote viwili vilikuwa chini kuliko siku ya kukaa. Majaribio yaliyofuata yalionyesha upande wa pili wa mambo. Wakati ghrelini hai inashuka, homoni za shibe zinazotoka sehemu za chini za utumbo, hasa PYY na GLP-1, hupanda baada ya mazoezi kama kukimbia na kuendesha baiskeli. GLP-1 ndiyo ileile inayoigwa na sindano za kisasa za kisukari na kupunguza unene. Kwa hiyo aliyetoka kukimbia sana anapata mambo mawili kwa mpigo: kinachoita njaa kimepungua, na kinacholeta shibe kimeongezeka, ilhali hajatia kitu mdomoni.

Damu inahama, misuli inatuma ujumbe

Kwa nini tumbo linyamaze wakati mwili unatumia nguvu nyingi kuliko wakati mwingine wowote wa siku? Sababu ya kwanza ni damu. Mtu akiwa ametulia, tumbo, utumbo na ini hupata sehemu kubwa ya damu inayosukumwa na moyo. Akianza kukimbia kwa nguvu, mishipa ya fahamu inayoandaa mwili kwa hatari huibana mishipa ya damu ya tumboni, na damu hiyo huelekezwa kwenye misuli na ngozi. Katika mazoezi makali, damu inayofika tumboni hupungua kwa zaidi ya nusu. Ni kama nyumba iliyoshika moto: waliokuwa jikoni huacha masufuria wakakimbilia ndoo za maji, na hakuna anayeuliza chakula kitaiva saa ngapi. Tumbo lililopunguziwa damu hutoa ghrelini hai kidogo, husaga chakula polepole, na ukililazimisha kupokea mlo mzito hujibu kwa kichefuchefu.

Sababu ya pili inatoka kwenye misuli yenyewe. Misuli inapofanya kazi ngumu, huvunja sukari kwa haraka na kumwaga laktati katika damu. Kwa miaka mingi laktati ilisingiziwa kuwa taka inayoleta maumivu ya misuli. Leo inajulikana kuwa ni nishati inayotumiwa na moyo na ubongo, na pia ni mjumbe. Seli za tumbo zinazotengeneza ghrelini zina vipokezi vya laktati, na laktati ikivigusa, utoaji wa ghrelini hupungua.

Mwaka 2020 watafiti nchini Kanada walilijaribu jambo hili kwa njia nyepesi na ya kijanja. Waliwapa watu bikaboneti ya sodiamu, ileile baking'i soda ya kupikia, kabla ya mazoezi makali ya vipindi. Bikaboneti huiwezesha misuli kutoa laktati nyingi zaidi katika damu kwa kazi ileile. Siku ya bikaboneti laktati ilipanda zaidi, ghrelini hai ikawa chini zaidi, na njaa nayo ikapungua zaidi kuliko siku ya dawa bandia. Jasho lilikuwa moja, tofauti ikaletwa na laktati. Hilo si pendekezo la kujaribu nyumbani, maana kiasi walichotumia huweza kuvuruga tumbo vibaya.

Sababu ya tatu ndiyo mpya kuliko zote. Mwaka 2022 jarida la *Nature* lilichapisha utafiti wa timu iliyojumuisha wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Stanford na Chuo cha Tiba cha Baylor, Marekani. Walikuwa wakitafuta ni kemikali gani hupanda zaidi katika damu ya panya waliokimbizwa hadi kuchoka. Wakakuta molekuli inayoundwa laktati inapounganishwa na fenilalanini, asidi ya amino inayopatikana katika vyakula vya protini. Wakaiita Lac-Phe. Panya wanene waliodungwa molekuli hiyo walipunguza ulaji wao kwa karibu nusu katika saa 12 zilizofuata. Farasi wa mashindano walionekana nayo kwa wingi baada ya mbio, na binadamu vilevile.

Kwa binadamu, mpangilio wa matokeo unafundisha kitu. Lac-Phe ilipanda juu zaidi baada ya mbio fupi za kasi, ikafuatiwa na kunyanyua vyuma, na mwisho mazoezi ya muda mrefu ya kasi ya wastani. Yaani kadiri kazi inavyozalisha laktati nyingi, ndivyo ujumbe wa kuacha kula unavyokuwa mkali. Hii ndiyo sababu aliyepanda mlima kwa kukimbia mara nane hukosa hamu kabisa, na aliyetembea saa nzima kwenda sokoni hufika akiwa na njaa yake palepale.

Kinachoirudisha

Ukishajua kilichozima njaa, kurudi kwake hakukushangazi tena. Ukisimama, damu huanza kurudi tumboni. Laktati huondolewa haraka, na kwa wengi hufika karibu na kiwango cha kawaida ndani ya saa moja hivi, mapema zaidi kwa anayetembea au kukimbia taratibu baada ya zoezi. Joto la mwili hushuka. Homoni za shibe hupungua, ghrelini hai hupanda. Breki zote zilizobana njaa huachia katika kipindi kimoja.

Zikishaachia, mtu hakuti njaa ya pale alipoiacha. Saa haikusimama. Aliyekimbia alfajiri kabla ya kifungua kinywa, akamaliza saa 1 asubuhi, akakaa bila hamu hadi saa 3, sasa ana saa 13 au 14 tangu chakula cha jana usiku. Akiba ya sukari kwenye ini, ambayo hata ikijaa kwa mtu mzima ni kama gramu 100 tu, ilishapungua usiku, na mbio zimeipunguza tena. Pengine hakunywa maji ya kutosha, na kiu huongeza ile hali ya kutotulia inayompeleka mtu kwenye kabati la vyakula. Njaa iliyochelewa huja na madeni yote hayo kwa pamoja, ndiyo maana huonekana imekuja kwa kishindo.

Hata hivyo, kishindo kisitudanganye kuhusu ukubwa wake. Watafiti walewale wa Loughborough walilinganisha njia mbili za kumpungukia mtu nishati. Wanaume 12 siku moja walikimbia dakika 90, siku nyingine hawakukimbia bali walipunguziwa chakula kwa kiasi kilichosababisha pengo lilelile la nishati. Waliponyimwa chakula, ghrelini na njaa vilipanda mapema, na walipofunguliwa meza ya vyakula mbalimbali walikula zaidi. Walipokimbia, hawakulipiza namna hiyo siku hiyohiyo. Kumbe mwili hulalamika haraka unaponyimwa chakula kuliko unapotumia nguvu. Njaa inayorudi baada ya mazoezi ni ya kweli, lakini kwa kawaida siku ileile haidai kila kilokalori kilichotumika. Anayekula mara mbili ya alichokiunguza mara nyingi ameponzwa na alichochagua kula na jinsi alivyochelewa, kuliko homoni.

Si kila jasho linaizima

Hali hii huonekana wazi zoezi linapovuka takriban asilimia 60 ya uwezo wa juu wa mtu wa kutumia oksijeni. Nje ya maabara kipimo chake ni mdomo wako. Ukiweza kusimulia habari ndefu huku ukienda, uko chini ya mpaka huo na njaa yako haitaguswa sana. Ukiwa unaweza kutoa maneno matatu manne kisha unavuta pumzi, umeuvuka.

Joto nalo lina sehemu yake. Katika utafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Florida, uliochapishwa mwaka 2005, watu waliendesha baiskeli wakiwa ndani ya maji kwa dakika 45, mara moja katika maji ya nyuzi 33 na mara nyingine katika maji ya nyuzi 20. Baadaye waliachwa wale watakavyo. Waliotoka kwenye maji ya baridi walikula kwa asilimia 44 zaidi ya walipotoka kwenye maji ya vuguvugu, ingawa nguvu walizotumia zilikaribiana. Kwa hiyo anayeogelea kwenye bwawa la baridi la nyanda za juu ajiandae kutoka na njaa kali, na anayecheza mpira wa ufukweni saa 10 jioni asishangae chakula kikimshinda mpaka usiku.

Wachezaji wa pwani hukutana na jambo hili sana mwezi wa Ramadhani. Kijana anacheza mechi saa moja kabla ya magharibi, adhana inamkuta bado anahema, na futari aliyoisubiri tangu alfajiri inamkinai. Anakula tende mbili, anakunywa maji, anaondoka. Saa 4 usiku njaa inamwamkia, naye anakula chipsi hadi kuvimbiwa, kisha daku inamshinda. Tende, maji na bakuli la uji mwepesi vinatosha kwa nusu saa ya mwanzo, na mlo kamili unaweza kungoja baada ya sala. Kosa ni kuacha hiyo nusu saa ipite bila chochote.

Asubuhi moja ya mkimbiaji

Tufuate hesabu ya asubuhi moja. Chukua kijana wa kilo 60 anayefanya mazoezi Iten, kule Elgeyo Marakwet, Kenya, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400. Anaondoka saa 12 asubuhi bila kula na kukimbia kilomita 12 kwa saa moja. Kukimbia hugharimu karibu kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita, kwa hiyo asubuhi hiyo imemgharimu takriban kilokalori 720. Saa 4 asubuhi ana mazoezi mengine.

Saa 1 anasimama. Hana njaa hata kidogo. Ikiwa atasubiri imjie, huenda saa 2 na nusu au saa 3 ndipo ale, na hapo atakula mlo mkubwa kwa haraka, kisha apeleke tumbo zito kwenye mazoezi ya saa 4. Lakini hasara haiishii tumboni. Misuli yake inahitaji kujaza tena glikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa ndani ya misuli, na saa za mwanzo baada ya zoezi ndizo inazonyonya sukari kwa kasi kubwa. Utafiti wa mwaka 1988 wa John Ivy na wenzake, Marekani, ulionyesha kwamba kuchelewesha wanga kwa saa mbili kulipunguza kasi ya kujaza glikojeni kwa karibu nusu. Saa hizohizo ambazo misuli inahitaji chakula zaidi ndizo ambazo tumbo halitaki kukisikia.

Wataalamu wa lishe ya michezo hupendekeza takriban gramu moja ya wanga kwa kila kilo ya uzito kwa saa, katika saa za mwanzo, kwa mtu mwenye mazoezi mengine siku hiyohiyo. Kwa kijana wetu ni gramu 60 katika saa ya kwanza. Atazipataje bila kujilazimisha ugali asioutaka? Kikombe kikubwa cha chai, nusu maji nusu maziwa, chenye vijiko viwili vya sukari, kina kama gramu 17 za wanga. Vikombe viwili ni 34. Ndizi mbivu ya ukubwa wa kati ni kama 25. Jumla ni 59, na lengo limefikiwa bila hata kukaa mezani. Kinywaji humezeka kirahisi wakati chakula kigumu kinakataa, kinarudisha maji yaliyopotea, na maziwa yanaongeza protini. Saa 2, hamu inapoanza kurudi, anakula mkate na yai kwa utulivu.

Wakimbiaji wa Bonde la Ufa wamekunywa chai ya maziwa yenye sukari nyingi baada ya mazoezi kwa muda mrefu, na wanasayansi walifika wakaipima. Vincent Onywera na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, walipima kila walichokula wakimbiaji 10 wa Kenya wa kiwango cha juu kwa siku saba kambini. Walikuta zaidi ya robo tatu ya nishati yao inatoka kwenye wanga, na karibu asilimia 20 ya nishati yote inatoka kwenye sukari pekee. Walikula mara tano kwa siku. Pamoja na hayo, ulaji wao ulikuwa wastani wa kilokalori 2,987 kwa siku, wakati matumizi yao yalikadiriwa kuwa 3,605. Ikiwa watu wanaolishwa kwa ratiba mara tano bado walipungukiwa na kilokalori mia sita hivi, fikiria mwanafunzi wa shule ya bweni anayefanya mazoezi mara mbili na kula pale tu anapojisikia.

Upungufu wa aina hiyo ukiendelea kwa miezi, hujionyesha. Kasi hushuka ingawa mazoezi ni yaleyale, majeraha ya mifupa hujirudia, mafua hayaishi, na kwa wasichana hedhi hukatika. Kocha anayeona dalili hizo asiulize kwanza kama mchezaji anasikia njaa. Aulize anakula saa ngapi na anakula nini.

Kwa anayetaka kupunguza uzito

Msomaji ambaye hana mashindano ila anataka kupungua ana hesabu tofauti. Mtu wa kilo 75 akikimbia kilomita nne ametumia kama kilokalori 300. Soda ya mililita 500 inarudisha takriban 210 kati ya hizo, na mandazi mawili yanamaliza zilizobaki na kupitiliza. Yeye hahitaji kukimbizana na gramu za wanga, kwa sababu misuli yake ina mpaka kesho kujijaza. Anachohitaji ni kutofika kwenye njaa ya saa ya pili akiwa mikono mitupu mbele ya kikaango.

Njia rahisi ni kupanga zoezi lake lianguke kama saa moja hadi saa moja na nusu kabla ya mlo wake wa kawaida, na kuandaa mlo huo mapema, wakati hamu ingali chini. Mtu asiye na njaa hupakua kiasi kwa akili yake. Mwenye njaa kali hupakua kwa macho. Akimaliza zoezi anywe maji, na hamu ikianza kurudi ale mlo wenye protini na mboga za kutosha: maharage, samaki, mayai, mtindi, pamoja na ugali au wali kwa kiasi chake. Kuacha mlo huo kwa furaha kwamba "leo sina njaa kabisa" ndiko kunakozaa ulaji wa saa 4 usiku.

Tahadhari kwa wenye kisukari

Kuna kundi ambalo kwalo kukosa njaa baada ya mazoezi kunaweza kuwa hatari kubwa: wanaotumia insulini au vidonge vinavyousukuma mwili kutoa insulini, kama glibenklamaidi. Baada ya zoezi kali, misuli huendelea kuvuta sukari kutoka kwenye damu kwa saa nyingi, pengine hadi siku ya pili. Dawa nayo inaendelea kuishusha. Mtu hana hamu, hali, na sukari inateremka, wakati mwingine akiwa usingizini. Dalili ni kutetemeka, jasho la baridi, mapigo ya moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa na hasira zisizo na sababu. Sukari ikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita, ambazo ni sawa na miligramu 70 kwa desilita, na mgonjwa bado ana fahamu za kumeza, apewe gramu 15 hadi 20 za sukari, yaani kama vijiko vya chai vitatu au vinne vilivyokorogwa kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale. Akiwa hana fahamu asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Kwa mgonjwa wa kisukari, kula baada ya mazoezi kunaongozwa na mashine ya kupimia na maelekezo ya daktari wake. Njaa isihusishwe.

Kwa wengine wote, tofauti kati ya hali ya kawaida na ugonjwa inaonekana kwa muda na kwa dalili zinazoandamana nayo. Kukosa hamu kwa kawaida hukuacha na akili timamu, uwezo wa kunywa, na hali inayoboreka kila nusu saa. Kutapika kusikokoma, kupepesuka, kuongea ovyo huku mwili ukiwaka moto ni dalili za kuzidiwa na joto: mpoze mtu kwa maji mara moja na umpeleke hospitali. Mkojo wenye rangi ya kahawia nzito kama kola baada ya zoezi zito unaweza kuashiria misuli iliyoharibika, nao ni wa daktari siku hiyohiyo. Na hamu ya kula iliyopotea kwa siku kadhaa haiwezi kusingiziwa mbio za juzi.

Kwa hiyo ukimaliza mazoezi makali, acha njaa kando kwa saa mbili na uangalie saa yako. Kunywa katika nusu saa ya kwanza, na kama una zoezi jingine siku hiyo, kinywaji hicho kiwe na maziwa na sukari. Kaa mezani kabla saa ya pili haijaisha, kwenye chakula ulichokipanga ukiwa bado huna hamu nacho.